Herufi Tatu za Waziri Mkuu: Historia ya Vifupisho vya Marafiki wa Mbali

Tarehe 11 Mei 2012, jijini London, Rebekah Brooks, aliyewahi kuwa mhariri wa magazeti makubwa ya Uingereza, aliketi mbele ya tume ya Jaji Brian Leveson. Tume hiyo ilikuwa ikichunguza mwenendo wa vyombo vya habari na ukaribu wao na wanasiasa. Aliulizwa juu ya meseji alizokuwa akiandikiwa na David Cameron, waziri mkuu wa wakati huo: zilikuwa zikimalizika vipi? Akajibu kwamba kwa kawaida Cameron aliweka herufi za jina lake, DC, ila mara mojamoja alimalizia kwa LOL. Alidhani maana yake ni "mapenzi tele". Brooks ndiye aliyemwambia kuwa watu wanaisoma "nacheka kwa sauti", na tangu hapo akaacha kuitumia.

Habari hiyo ilienea dunia nzima siku ileile. Mimi naiona kuwa faraja kwa kila anayechati na rafiki wa ng'ambo huku akikwama kwenye herufi mbili tatu. Cameron amezaliwa na Kiingereza, amesoma Eton na Oxford, na bado alijikwaa kwenye herufi tatu za lugha yake mwenyewe. Kwa hiyo kijana wa Tabora anayeshindwa kuelewa meseji ya rafiki yake wa Manchester asidhani kwamba Kiingereza chake ni kibovu. Vifupisho havikuzaliwa darasani. Vilizaliwa kwenye mitambo, kwenye bei ya maneno, na kwenye haja ya kumwonyesha mwenzako uso asiouona. Anayejua historia hiyo huvisoma kwa wepesi zaidi kuliko aliyekariri orodha.

Neno lilipokuwa na bei

Samuel Morse alituma ujumbe wake mashuhuri kwa waya kutoka Washington hadi Baltimore tarehe 24 Mei 1844. Kwa kipindi kirefu kilichofuata, telegramu ilitozwa kwa neno, na mwenye haraka alijifunza kubana maneno yake. Kebo ya baharini iliifikia Zanzibar mwaka 1879 na kuiunganisha na Aden, na wafanyabiashara wa pwani yetu nao wakaingia katika ulimwengu ambao kila neno lina gharama yake.

Waliofupisha kuliko wote walikuwa waendesha mitambo wenyewe, waliokesha wakigongeana nukta na mistari. Mwaka 1859 kampuni ya Western Union ya Marekani ilikuwa na orodha ya tarakimu kuanzia 1 hadi 92, kila moja ikisimama badala ya sentensi nzima. 30 ilimaanisha "mwisho, hakuna zaidi". 73 ilikuwa salamu za heshima. Baadaye 88 ikapata maana ya "mapenzi na mabusu", na mpaka leo wapenzi wa redio za mawimbi mafupi huagana kwa 73 na 88.

Tarakimu hiyo ya 88 inafundisha jambo la kwanza. Ukiipata kutoka kwa mzee mwenye redio yake huko Ohio, amekutumia mabusu. Ukiipata kutoka kwa mwanafunzi wa Beijing, amekuaga tu, kwa sababu nane kwa Kichina hutamkwa karibu na "ba", na nane mbili huiga namna Waingereza wanavyoagana. Na ukiiona kwenye jina la akaunti ya mtu usiyemjua, chukua tahadhari: wafuasi wa siasa za Hitler huitumia kwa kuhesabu H kuwa herufi ya nane, ili waandike salamu yao bila kuitamka. Alama ni ileile na mitaa ni mitatu. Kabla ya kuuliza kifupisho kina maana gani, uliza kimeandikwa na nani.

Vingine ni vikongwe kuliko tunavyodhani. OMG, mshangao wa kumtaja Mungu tunaouhusisha na wasichana wenye simu janja, uliandikwa tarehe 9 Septemba 1917 na mzee wa miaka 76. Alikuwa Admirali John Fisher, aliyewahi kuongoza jeshi la majini la Uingereza, akimwandikia barua Winston Churchill. Alitania kwamba ipo nishani mpya inayokuja, akaipa herufi O.M.G. kama zilivyo herufi za nishani za kifalme, kisha akafafanua mwenyewe katika mabano kuwa ni "Ee Mungu wangu". Kifupisho hicho hakikuwa cha kuokoa senti wala nafasi. Fisher alikuwa akicheza na herufi ili amchekeshe mwenzake, na kazi hiyo ya pili ndiyo iliyokuja kuishinda ile ya kwanza.

Mzaha uliosomwa vibaya

Mwaka 1982, walimu na wanafunzi wa kompyuta wa Chuo Kikuu cha Carnegie Mellon, mjini Pittsburgh, walikuwa wakiandikiana kwenye mtandao wa chuo. Walianza mjadala wa kinadharia: lifti ikikatika na kuanguka, tone la zebaki lililomo ndani litafanya nini? Mmoja akaongeza utani kwamba lifti fulani ya jengo lao imechafuliwa na zebaki. Wapo walioutia maanani utani huo kama onyo la kweli.

Tatizo hilo lilikuwa jipya. Barua ya karatasi ilitungwa taratibu, na mwandishi alipata muda wa kuonyesha kuwa anatania. Kwenye simu sauti ilisema yenyewe. Lakini maandishi ya haraka ya kompyuta yalikuwa mazungumzo yasiyo na uso wala sauti. Tarehe 19 Septemba 1982, mwalimu Scott Fahlman akapendekeza kwamba kila penye mzaha paandikwe :-) na pasipo na mzaha paandikwe :-( ili msomaji alaze kichwa upande na kuona uso. Emoji za leo zinafanya kazi hiyohiyo.

Miaka sita baadaye, mwezi Agosti 1988, Jarkko Oikarinen wa Chuo Kikuu cha Oulu, Finland, aliunda mfumo wa IRC ulioruhusu watu wa nchi mbalimbali kuchati papo hapo. Hapo shida ikawa ukimya. Mwenzako akinyamaza, je, amekasirika, amelala, au amekwenda kufungua mlango? Vifupisho vinavyotumika sana kwenye kuchati vinajibu swali hilo. `brb` ni "narudi sasa hivi". `afk` ni "sipo mbele ya kibodi". `g2g` ni "inabidi niende". Asiyejua atadhani rafiki amemkatiza kwa ukali, kumbe ameaga kwa adabu.

LOL nayo ni ya zama hizo. Kufikia Mei 1989 ilikuwa tayari imeorodheshwa katika jarida la FidoNet, mtandao uliounganisha kompyuta za nyumbani kwa laini za simu. Mwanzoni ilikuwa taarifa ya ukweli: mwandishi alikuwa mbele ya skrini yake, amecheka hadi sauti imetoka, na ilibidi aseme kwa herufi kwa sababu hakuna aliyemsikia.

Herufi 160

Wakati huohuo huko Ulaya, wahandisi walikuwa wakipanga mfumo wa simu za mkononi uliokuja kuitwa GSM. Mmoja wao, Mjerumani Friedhelm Hillebrand, alitaka simu ziweze kupokea maandishi mafupi kupitia njia ndogo iliyokuwepo tayari kwa ajili ya ishara za mtandao. Mwaka 1985, nyumbani kwake Bonn, alikaa na taipureta akaandika sentensi na maswali ya kila aina, akahesabu herufi, alama na nafasi. Karibu kila mara jumla ilikuwa chini ya 160. Akatazama na kadi za posta, akaona nyingi hazikufika hata 150. Akaamua kwamba 160 zinatosha.

Hesabu ya ndani ni hii. Ujumbe mmoja una nafasi ya baiti 140, yaani biti 1,120. Herufi za Kilatini zilipewa biti 7 kila moja, na 1,120 ukigawa kwa 7 unapata 160. Lakini maandishi kama ya Kiarabu au Kichina yanahitaji biti 16 kwa kila herufi, na hapo ujumbe unabaki na nafasi 70 tu. Ishike tofauti hiyo, kwa kuwa tutaikuta tena Muscat na Dubai.

Tarehe 3 Desemba 1992, mhandisi kijana wa miaka 22, Neil Papworth, alituma meseji ya kwanza kwa njia hiyo: salamu za Krismasi kwa Richard Jarvis wa kampuni ya Vodafone. Aliiandika kwa kompyuta, kwa sababu simu ya Jarvis iliweza kupokea maandishi ila haikuweza kuyajibu.

Simu zilipopata uwezo wa kuandika, zilikuwa na vitufe kumi na viwili tu, na kitufe kimoja kilibeba herufi tatu au nne. Chukua maneno ya Kiingereza ya kuagana, `see you`. Herufi s iko ya nne kwenye kitufe cha 7, kwa hiyo unabonyeza mara nne. Kila e ni mara mbili. Nafasi ni mara moja. Kisha y mara tatu, o mara tatu, u mara mbili. Jumla ni mibonyezo 17. Sasa andika `cu`, herufi mbili ambazo majina yake kwa Kiingereza yanatamkwa kama maneno yale: c mara tatu, u mara mbili, jumla mibonyezo mitano. Ukizidisha tofauti hiyo kwa meseji zote za siku, unaelewa kwa nini vidole vya vijana vilichagua njia ya mkato. Tena aliyevuka herufi 160 alilipishwa meseji ya pili.

Sisi tuliishi mambo hayohayo. Enzi za vocha za kukwangua, mwenye salio dogo alibipu, na mwenye salio la meseji moja aliipanga kama anayefunga mzigo. Ndipo tukaandika `cjui`, tukitumia jina la Kiingereza la herufi c kupata silabi "si", na `2taonana`, tukitumia tarakimu mbili ya Waingereza kupata "tu". Wengine wakaandika `xaxa` badala ya "sasa", ambako hakuna herufi iliyookolewa hata moja. Hiyo ya mwisho ilikuwa mtindo mtupu, alama ya ujana. Kwa hiyo msomaji wa Kiswahili hana ugeni na mbinu hizi. Akiona `gr8`, `b4` au `l8r` kwenye meseji ya rafiki, asome tarakimu kwa sauti ya Kiingereza, na neno litajitokeza: "safi sana", "kabla", "baadaye".

Kila lugha na hila yake

Hesabu ya herufi 70 iliwabana Waarabu. Simu na kompyuta nyingi za miaka ya 1990 hazikuwa na herufi zao, na hata zilipokuja, meseji ya Kiarabu ilibeba chini ya nusu ya meseji ya Kilatini. Vijana wakaandika Kiarabu kwa herufi za Kilatini, na pale ambapo Kilatini hakina sauti, wakaweka tarakimu inayofanana kwa umbo na herufi ya Kiarabu. 3 ni ain, ع, iliyogeuzwa upande. 7 ni ile ha nzito, ح. 2 ni hamza, ء. Kwa sauti ya "kh" wengi huweka 5, ambayo jina lake la Kiarabu, khamsa, linaanza na sauti hiyo.

Mswahili mwenye ndugu Oman au Dubai atakutana nazo mapema. `sba7 el5er` inatisha kwa macho, lakini weka h mahali pa 7 na kh mahali pa 5, kisha isome taratibu: ni sabalkheri, salamu ya asubuhi inayosikika Mombasa na Unguja tangu zama za mababu. `7abibi` ni habibi. Mtu wa pwani ana nusu ya ufunguo tayari.

Kwa ndugu zetu wa Lubumbashi, Goma na Bujumbura, lugha ya vifupisho huwa ni Kifaransa. `slt` na `bjr` ni salamu zilizopunguzwa herufi, ya kwanza ya kirafiki na ya pili ya heshima kidogo. `stp` ni "tafadhali" kwa mtu unayemzoea. `dsl` ni "samahani". `tkt` ni "usijali". Na kicheko chao ni `mdr`, herufi za kwanza za maneno yanayosema "nimekufa kwa kicheko". Mfaransa akizidiwa huandika `ptdr`, yaani amepasuka kabisa. Kwetu tunasema "sina mbavu", kwa hiyo `mdr` haihitaji maelezo marefu: kicheko kinaua kwa lugha zote mbili.

Kicheko ndicho mahali ambapo marafiki wa mbali hukosana kwa urahisi, maana kila lugha huandika sauti yake. Mhispania huandika `jajaja`, kwani j yake hutamkwa kama kh. Mthai huandika `555`, kwa sababu tano kwa lugha yake ni "ha". Mjapani huandika `w` au `www`, kutokana na herufi ya kwanza ya neno lake la kucheka linapoandikwa kwa Kilatini. Wakaja watu wakaona kwamba safu ya w inafanana na majani yaliyoota, na leo kijana wa Tokyo anaweza kuandika neno la "nyasi" akimaanisha kwamba amecheka. Mbrazili huandika `kkkk`. Hapo pana mtego wa kweli: mpelekee Mmarekani k tatu peke yake na atashtuka, kwa sababu ndizo herufi za kundi la kibaguzi lililoua watu weusi nchini mwake. Mbrazili aliyeziandika amefurahi tu. Kama grupu lenu lina watu wa mabara yote mawili, neno moja la ufafanuzi mapema litaokoa urafiki.

Bei ilipokufa

Leo herufi hazihesabiwi tena. Simu ina kibodi kamili, bando halijali urefu wa ujumbe, na simu yenyewe humalizia neno kabla hujalimaliza. Kama vifupisho vingekuwa vya kubana matumizi tu, vingekufa pamoja na vitufe kumi na viwili. Havikufa kwa sababu vilikuwa vimepata kazi nyingine, ileile ya Fisher na Fahlman: kubeba sauti ya msemaji.

Mwanaisimu John McWhorter wa Chuo Kikuu cha Columbia alilieleza hili hadharani mwaka 2013. Alionyesha kuwa katika meseji za vijana LOL imekoma kuwa habari ya kicheko. Imekuwa alama ndogo inayosema "tuko pamoja, usinichukulie vibaya". Ndiyo maana mtu anaweza kuandika `im so tired lol` bila chochote cha kuchekesha. Anachokwambia ni kwamba amechoka, lakini hataki umhurumie kupita kiasi. Asiyejua historia hiyo atasoma kicheko, na atajiuliza anachekwa yeye au nani.

Hata nukta imepata kazi mpya. Mwaka 2015 watafiti wa Chuo Kikuu cha Binghamton, wakiongozwa na Celia Klin, waliwaonyesha wanafunzi meseji zenye majibu mafupi, mengine yakiwa na nukta mwishoni na mengine bila nukta. Yale yenye nukta yalionekana kutotoka moyoni. Yalipoandikwa kwa mkono kwenye karatasi, tofauti hiyo haikuonekana. Nasi tuliofundishwa kufunga kila sentensi kwa nukta tunaweza kumjeruhi rafiki wa London kwa adabu yetu ya shuleni.

Tuisome basi meseji moja ya mfano, ya aina anayoweza kuandika dada wa Leeds kwa rafiki yake wa Arusha:

`hey hun soz only just seen this lol. tbh cant do sat, mums bday. next wk? lmk x`

`hun` ni "mpenzi" la kirafiki, kama shoga anavyomwita shoga yake. `soz` ni samahani nyepesi, ya kosa dogo, na haifai kwa msiba. `lol` hapa haichekeshi. Inapunguza aibu ya kuchelewa kujibu. `tbh` ni "kusema kweli", na mara nyingi hutangulia kukataa kitu, kwa hiyo ukiiona jiandae. `sat` ni Jumamosi, `mums bday` ni siku ya kuzaliwa ya mama yake, `wk` ni wiki. `lmk` ni "nijulishe". Na `x` ya mwisho ni busu la karatasi ambalo Waingereza humalizia barua za kirafiki. Kaka asiharakishe kuliona kuwa tangazo la mapenzi: hupewa mama, shangazi na hata mfanyakazi mwenzake. Linalostahili kutazamwa ni mabadiliko. Aliyezoea kuliweka akiacha ghafla, huenda kuna jambo.

Jibu nalo lina mizani yake. Ukimwandikia `k` peke yake, ataona umenuna, kwa kuwa umekata hata lile neno fupi la kukubali. `kk` ni laini, `np` ni "hakuna shida", na neno zima lenye salamu kwa mama yake ni bora kuliko yote. Hakuna mgeni anayelaumiwa kwa kuandika maneno kamili.

Mizani hiyo haitulii. Vijana wengi wanaozungumza Kiingereza sasa wanaiona LOL kuwa ya watu wazima, na wakicheka wanaweka fuvu la kichwa, wakimaanisha kwamba wamekufa. Wamefika kwa picha mahali ambapo Wafaransa walifika kwa herufi tatu. Orodha yoyote utakayoikariri leo itachakaa, lakini maswali matatu yatabaki na kazi. Anayeandika ni wa lugha gani na rika gani? Tarakimu au herufi hii inatamkwaje kwa lugha yake? Na je, inatoa habari, au inalainisha habari iliyotangulia? Ukikosa jibu, muulize mwenyewe bila haya. Waziri mkuu wa Uingereza alihitaji rafiki wa kumwambia, na alipoambiwa, alijirekebisha.